Kamati ya ujenzi inaposhukuru

Ukumbi ukishaezekwa, kamati ya ujenzi hubakiwa na kazi moja isiyohitaji fundi: kusimama wakati wa matangazo ya Jumapili na kuwashukuru waliotoa. Katika sharika za Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ambako matofali ya kuchoma hufyatuliwa vijijini, hapo ndipo kamati nyingi hukwama. Mhazini ana daftari la fedha, basi fedha husomwa hadi shilingi ya mwisho. Matofali na nguvu hufungwa kwa maneno machache: "na wengine wote waliojitolea." Mama aliyebeba maji ya udongo tangu msingi hadi renta hurudi nyumbani hajui kama kuna aliyemwona.

Dawa ni kuwa na madaftari matatu tangu siku ya kwanza, kwa kuwa tofali, siku ya kazi na shilingi havipimwi kwa kipimo kimoja.

Tuchukue ukumbi wa mita 20 kwa 10, wenye kuta za kimo cha mita 3. Kuta zina mita za mraba 180. Ukitoa milango na madirisha zinabaki kama 150. Kwa ukuta wa unene wa inchi tisa na tofali la inchi 9 kwa 4.5 kwa 3, kila mita ya mraba hula matofali yapatayo 100. Jumla ni 15,000. Tuseme jumuiya ziliahidi 18,000, yakafika kiwanjani 16,500, na katika hayo 1,200 yakakataliwa na fundi. Kamati ishukuru kwa idadi ipi?

Ishukuru kwa 16,500, yaani yaliyopokelewa na kuandikwa. Ahadi ambayo haijafika haisomwi kama sadaka, wala aliyeahidi hatajwi kama mdaiwa mbele ya watu; huyo hufuatwa nyumbani. Na yale 1,200 yasifichwe. Tofali lililoiva ukiligonga kwa jingine hulia kama chuma. Lisiloiva hutoa sauti ya kufifia, na likilala ndani ya maji usiku kucha huanza kumeguka. Mara nyingi hutoka pembezoni mwa tanuri, ambako moto haukufika vizuri, kwa hiyo si kosa la aliyelitoa. Yaliyovunjika lakini yameiva huenda chini ya sakafu pamoja na mawe. Kamati ikieleza hivyo, hakuna atakayeona tofali lake limerundikwa nyuma ya kanisa akadhani limedharauliwa.

Daftari la nguvu ndilo husahaulika zaidi. Humo huandikwa jina, tarehe na kazi: kuchimba msingi, kusomba mchanga, kumsaidia fundi, kuteka maji, kupika uji wa wajenzi. Wapishi wasipoandikwa siku ileile, hawatakumbukwa baadaye. Kama usharika unataka kujua gharama kamili ya jengo, siku zote hizo zithaminishwe kwa ujira wa kibarua wa eneo hilo, na hesabu hiyo ikae kwenye ripoti. Katika shukrani, siku ibaki siku. Ukiigeuza kuwa shilingi, aliyefanya kazi wiki nzima atajikuta mkiani mwa aliyetoa bahasha moja.

Kitabu cha Nehemia, sura ya 3, kina orodha ya namna hii. Waliojenga ukuta wa Yerusalemu hutajwa kwa sehemu waliyoijenga. Wafua dhahabu wamo, na Shalumu yumo pamoja na binti zake. Hakuna aliyepangwa kwa kiasi cha mali yake. Kamati inaweza kufuata mpango huo, ikasema kwa mfano:

"Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Msingi ulichimbwa na vijana kwa Jumamosi sita. Matofali 16,500 yaliletwa na jumuiya zote. 15,000 yamo ukutani, 1,200 hayakufaa kwa ukuta, na 300 yamebaki kwa ajili ya ngazi. Maji na uji vilitoka kwa akina mama kila siku ya kazi. Fedha zenu zilinunua saruji, mbao, misumari na mabati, na zilimlipa fundi. Stakabadhi ziko kwa mhazini. Bado tunadaiwa milango miwili."

Deni hilo la mwisho halina budi kutajwa, kwa sababu shukrani isiyotaja kilichobaki hufanya mchango unaofuata uonekane kama umezuka.

Orodha ya majina ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wiki mbili kabla ya kusomwa, kila safu kwa alfabeti, na asiyetaka kutajwa apewe nafasi ya kusema. Aliyerukwa atamwona katibu mapema, daftari lifunguliwe, na jina lake liongezwe kabla ya Jumapili yenyewe.