Kathedrali ya Beauvais: jinsi kuta za mawe zilivyoachia madirisha nafasi

Katika mji wa Beauvais, kaskazini mwa Ufaransa, kuna kathedrali iliyoanza kujengwa mwaka wa 1225 na ambayo hadi leo haijamalizika. Dari lake la mawe liko karibu mita 48 juu ya sakafu, na hakuna kanisa lingine la mtindo wa gotiki lenye dari refu kuliko hilo. Lakini ukiinua macho, sehemu ya juu ya kuta karibu yote ni vioo.

Zamani makanisa yenye dari la mawe yalikuwa na kuta nene na madirisha madogo, kwani dari la namna hiyo halilemei kuta kwenda chini tu, linazisukuma pia kwenda nje. Simamisha vitabu viwili mezani vikiegemeana kama paa la nyumba. Ukivilaza sana, miguu yake inateleza nje. Ukivisimamisha zaidi, inatulia.

Ndiyo siri ya tao lenye ncha. Limesimama wima kuliko tao la nusu duara, kwa hiyo linasukuma nje kwa nguvu ndogo. Tena waashi walipitisha mbavu za mawe chini ya dari, na uzito ukakusanyika juu ya nguzo badala ya kuenea kwenye ukuta mzima.

Msukumo ulipungua, haukuisha. Huko juu nguzo ilihitaji kitu cha kuiegemeza, nacho ni tao jembamba la mawe linaloruka juu ya paa la pembeni hadi kwenye mnara mzito uliojengwa nje. Mnara huo unapokea msukumo na kuushusha mpaka kwenye msingi. Vile viminara vya juu yake, ambavyo wengi huvidhania ni pambo, vinaongeza uzito ili mnara usipinduke. Basi ukuta kati ya nguzo mbili haukubeba tena dari, na waashi wakaweza kuujaza vioo.

Mwaka wa 1284, miaka kumi na miwili tu baada ya kumalizika, sehemu ya dari la Beauvais ilianguka. Wataalamu bado wanabishana: wengine wanataja upepo, wengine msingi, wengine nguzo zilizokuwa mbalimbali mno. Waliorekebisha waliongeza nguzo mpya katikati ya zile za zamani, na ukitazama matao ya ndani utaona yalivyogawanywa mara mbili.

Katika karne ya 20, vyuma vilivyounganisha matao ya nje viliondolewa, kwa kuwa vilionekana vinaharibu sura ya jengo. Upepo ulipovuma, matao yakaanza kuyumba. Ikabidi vyuma virudishwe.