Salamu Nyingi na Mwenye Haja Mmoja

Sisi walimu na wazee wa watoto wa chuo chetu hapa Manzese tunalo kundi la Watsapu lenye watu 112. Kila Ijumaa, baada ya sala ya Alfajiri, salamu humiminika humo kama mvua ya masika. Ijumaa moja, saa kumi na mbili na robo, mama mmoja aliandika: "Naomba dua zenu, mwanangu leo haji chuoni." Salamu 37 zikapita juu ya maneno yake, na mmoja wetu akamjibu, "Ijumaa njema."

Tulikuja kuyatambua maneno yale saa nne. Mtoto alikuwa na homa siku ya tatu, na mama hana nauli wala fedha ya zahanati. Naye alikuwa ameubonyeza ujumbe wake na kutazama orodha ya waliousoma. Akahesabu watu 60, wala hapana aliyemwuliza lolote. Hakujua ya kuwa mtu huhesabiwa amesoma kwa kufungua kundi tu, hata kama macho yake yameruka.

Ndugu wasomaji, kurudisha salamu ni faradhi, kama tulivyoamrishwa katika Sura Annisaa, aya ya 86. Lakini salamu ikitolewa kwa jamaa wengi, wanavyuoni wamesema ni fardhi kifaya: akiitikia mmoja wao, imewatoka wote. Kwa hiyo tumeweka zamu ya watu wawili kila juma. Wa kwanza huitikia salamu kwa niaba ya kundi, na wengine huitikia kwa ndimi zao pale walipo. Wa pili hana kazi ila kurudi nyuma hadi alipokomea kusoma, akitafuta neno lisilokuwa salamu. Kwani mwenye haya hasemi, "Nisaidieni." Husema, "Niombeeni," au, "Leo hatuji," au huandika kisha akafuta, ikabaki alama ya ujumbe uliofutwa.

Akiliona neno hilo, hamwulizi mbele za watu. Huubonyeza ujumbe ule na kuchagua kumjibu faraghani. Maneno ya mwenyewe humfuata huko, naye akajua aulizwa nini. Tena amwulize jambo lenye jibu: "Mtoto ana nini, na tangu lini?" Ikipita robo saa bila ya jibu, ampigie simu, asipopokea, jirani wa karibu aende akapige hodi. Ama mchango, haupitishwi kwa jina lake ila kwa idhini yake.

Siku ile jirani alimpeleka mtoto zahanati kwa bajaji, akapimwa, ikaonekana ni malaria, akapewa dawa. Juma la pili alikuwa mkekani na juzuu yake, alhamdulillahi. Lakini tulimwacha mama yake karibu saa nne akihesabu majina yetu, na homa ya mtoto mdogo haingoji salamu ziishe.