Tumbo Linalouma Siku za Shule

Mtoto wa darasa la nne alikuja kwangu mara tisa ndani ya wiki tatu, mkono ukiwa kitovuni. Mimi ni muuguzi wa shule, na kila ujio niliuandika daftarini: wote ulikuwa kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi, bila homa wala kutapika. Kufikia mapumziko alikuwa akicheza.

Niliwaandikia wazazi wake: "Mtoto wenu hadanganyi, anaumwa kweli. Je, Jumamosi linauma? Anapata choo mara ngapi? Kuna anayemwonea shuleni? Tafadhali apimwe mkojo na choo. Lakini maumivu yakimwamsha usiku au yakihamia chini upande wa kulia, akiharisha damu au akikonda, msisubiri; mpelekeni hospitali siku hiyohiyo."

Mama alikuja na majibu. Vipimo vilikuwa safi. Jumamosi tumbo halikuuma, ila siku za shule mtoto alikuwa akikaa hata siku nne bila choo. Nilipomuuliza taratibu, alininong'oneza: "Mlango wa choo hauna komeo."

Hapo picha ikakamilika. Chakula cha asubuhi huamsha utumbo. Ukiwa umejaa kinyesi kigumu, husokota. Tulifunga komeo. Nyumbani aliongezewa maji, mboga na mapapai, akawa anaamka mapema na kukaa chooni dakika kumi baada ya kifungua kinywa, bila kuharakishwa. Kulainika kulichukua wiki kadhaa, kwa sababu utumbo uliozoea kubana hausahau upesi.