Sembe ileile, mistari mitatu

Tuchukue duka la jumla lenye matawi matatu: Ilala, Temeke na Kinondoni. Kila tawi linajaza shiti yake kwenye faili moja la Excel, kolamu ya kwanza jina la bidhaa, ya pili idadi ya mifuko iliyouzwa mwezi huo. Mwisho wa mwezi mhasibu anafungua shiti tupu, anaingia `Data`, anabofya `Consolidate`, anachagua `Sum`, anaongeza maeneo yote matatu na kutia tiki kwenye `Top row` na `Left column`. Mchele unatoka 140, sukari 60. Sembe inatoka mara tatu: 40, 35 na 25.

Hapo Excel haijakosea. Ukishatia tiki `Left column`, huwa haiangalii tena bidhaa iko mstari wa ngapi, inalinganisha majina. Yanayofanana inayajumlisha, na lisilo na mwenzake inalipa mstari wake. Haijui kwamba Ilala waliandika "Unga wa sembe", Temeke wakaandika vivyo hivyo ila wakabonyeza nafasi moja ya ziada mwishoni, na Kinondoni wakafupisha kuwa "Unga sembe". Kwake hizo ni bidhaa tatu.

Jina la Temeke ndilo linalosumbua zaidi, maana kwa macho halina tofauti na la Ilala. Hesabu herufi zake kwenye seli ya pembeni:

```
=LEN(A4)
```

Ilala itatoa 13, Temeke 14. Hiyo moja iliyozidi ndiyo nafasi tupu.

Wengi wakiona mstari uliojirudia huufuta. Usifanye hivyo. Mstari huo umebeba mifuko 35 ya kweli, na ukiufuta umefuta mauzo ya Temeke. Na usijifariji kwa jumla kuu: mchele 140, sukari 60 na sembe zote tatu zinatoa 300, sawasawa na jumla ya shiti za matawi. Jumla iko sahihi huku mgawanyo wa bidhaa ukiwa na kasoro. Anayeagiza mzigo kwa kutazama mstari wa kwanza wa sembe ataagiza mifuko 40 badala ya 100.

Kasoro ya pili ni mbaya kuliko hiyo, kwa sababu haionekani. Kuna wahasibu wanaopenda ripoti yenye mpangilio uleule kila mwezi, kwa hiyo huandika kwanza majina ya bidhaa kwenye shiti ya majumuisho, wakachagua eneo hilo lote, ndipo wakafungua `Consolidate`. Excel hapo inaheshimu orodha waliyoandika: inajaza majina yaliyomo tu, na lisilomo inaliacha bila onyo lolote. Ripoti inatoka safi, sembe ikiwa na mstari mmoja wenye 40. Mifuko 60 imepotea. Hapa sasa jumla kuu inasaidia, kwani itasoma 240 wakati matawi yana 300. Kwa hiyo kila mara jumlisha shiti za matawi kivyake, kisha ulinganishe.

Dawa inaanzia kwenye shiti za matawi, si kwenye majumuisho. Weka kolamu ya muda, andika fomula hii, inakili kuteremka chini, kisha bandika matokeo kama thamani juu ya majina ya zamani:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(A4,CHAR(160)," "))
```

`TRIM` huondoa nafasi za mwanzoni na mwishoni, na zile za katikati zilizorudufiwa huzibakiza moja moja. `SUBSTITUTE` imewekwa kwa sababu ya majina yaliyonakiliwa kutoka kwenye kurasa za wavuti, ambayo mara nyingi huja na nafasi ya aina nyingine, namba 160, ambayo `TRIM` peke yake haiigusi.

Temeke imepona. Kinondoni bado, kwa sababu hakuna fomula ya kusafisha nafasi itakayoongeza neno "wa". Tengeneza shiti iitwayo Majina, yenye orodha rasmi ya bidhaa, halafu kwenye shiti za matawi, pembeni ya kila jina la bidhaa, andika:

```
=IF(COUNTIF(Majina!A:A,A4)=0,"HAIPO","")
```

Kila penye HAIPO pana jina la kurekebisha. Orodha hiyohiyo iunganishe na `Data Validation`, chaguo la `List`, ili mwezi ujao muuzaji achague jina badala ya kuliandika. Ila jina likibandikwa kutoka kwingine linaweza kupita kizuizi hicho, kwa hiyo fomula ya HAIPO ibaki palepale.

Kurekebisha kwenyewe kunahitaji mtu anayelijua duka. "Unga sembe" hauna utata. Lakini tawi likiandika "Unga" tupu, inaweza kuwa sembe, dona au hata ngano, na kwenye shiti hakuna kitakachokuambia ni upi. Mpigie simu muuzaji wa tawi kabla ya kugusa seli hiyo.