Vekta ya tatu isiyoongeza kitu

Chukua vekta tatu: u = (1, 2, 3), v = (4, 5, 6) na w = (7, 8, 9). Hakuna iliyo kizidisho cha mwenzake, na hapo ndipo wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza huteleza: huzilinganisha mbili mbili, kisha hutangaza kuwa zote tatu ni huru. Lakini zidisha v kwa 2, utoe u: (8 − 1, 10 − 2, 12 − 3). Ni w yenyewe! Basi vekta hizi zinategemeana.

Tukizidisha u na v kwa namba zozote na kuzijumlisha, tunafika wapi? Kwenye bapa moja tu, lenye nukta (x, y, z) zinazotimiza z = 2y − x. Hilo ndilo tandazo la u na v, na w hailipanui hata kidogo. Kwa kuwa u na v ni huru na zinalifikia bapa lote, ni msingi wake.

Nukta (0, 0, 1) haimo, kwa sababu 2(0) − 0 si 1. Iweke mahali pa w, nawe umepata msingi wa nafasi nzima ya vipimo vitatu: kila nukta inafikika, tena kwa njia moja pekee.