Kikoba Issuna: Ile 8,000 ya ziada ilitoka wapi?

Wifi wawili, kikundi kimoja, hisa zilezile kila wiki. Siku ya kugawana, mmoja ana faida ya shilingi 88,000 na mwingine 80,000. Wa 80,000 anauliza, "Katibu, umekosea hesabu?"

Katibu hajakosea. Na hiyo 8,000 ndiyo inayoeleza kwa nini pesa ya mtu mmoja kwenye kikoba inakua haraka kuliko ya mwenzake.

Tuichukue Issuna, wilayani Ikungi mkoani Singida, ambako pesa nyingi ya nyumbani inatokana na alizeti na mifugo. Wifi hawa ni wa mfano, na namba tumeziweka za mviringo ili hesabu isikuchoshe. Utaratibu wenyewe ni ule wa vikundi vingi vya hisa: sanduku lenye kufuli tatu na watu watatu tofauti wa kushika funguo, mkutano kila wiki, na kijitabu kinachogongwa muhuri kwa kila hisa uliyonunua.

Hisa moja ni shilingi 2,000. Mama wetu ananunua mbili kwa wiki. Kwa wiki 50 za mwaka amefikisha hisa 100, yaani shilingi 200,000 zilizotoka mfukoni kwake. Wifi yake naye hivyohivyo.

Pesa ikiwa sandukuni haizai. Inakopeshwa kwa wanachama, nao wanarudisha na riba. Mwisho wa mwaka kikundi kinahesabu pesa yote ya hisa pamoja na riba iliyolipwa, kisha kinagawanya kwa idadi ya hisa zote. Tuseme hisa ya 2,000 imekuwa 2,400. Kila wifi ana 240,000, na faida ni 40,000.

Hapa ndipo njia zinapoachana. Vikundi vingi huvunja sanduku, kila mtu anaondoka na chake, na mwaka mpya unaanza upya kabisa. Kikundi hiki kwenye katiba yake kinaruhusu mwanachama kubakisha. Wifi anabakisha 200,000 na kuondoka na ile 40,000, anunue sukari na sare za shule. Mama wetu mwaka huo hakuwa na shida ya haraka, akaacha yote. Hakuwa na mpango wowote wa kitaalamu, tuwe wakweli.

Katibu akageuza pesa zao kuwa hisa za kuanzia mwaka wa pili. Wifi akapata hisa 100. Mama wetu akapata 120, maana 240,000 ukigawa kwa 2,000 unapata hizo. Mwaka mzima wakanunua hisa 100 nyingine kila mmoja. Kwa hiyo mwisho wa mwaka mmoja ana 200, mwingine 220.

Hisa ikawa tena 2,400. Hisa 20 za ziada, kila moja imezaa 400. Jumla 8,000.

Yaani zile hisa 20 hakuzinunua kwa jasho la mwaka ule. Zilinunuliwa na faida ya mwaka wa kwanza, na sasa nazo zimezaa. Hii ndiyo watu wa benki wanaita riba juu ya riba.

Kwa 8,000 hakuna mtu anayebadilisha maisha, na ndiyo sababu wengi hawalioni jambo hili. Mama wetu mwenyewe alimwambia wifi yake, "Wifi, kwa elfu nane tu unanuna?" Hakuelewa bado alichokuwa nacho.

Mwaka wa tatu, kwa mwendo uleule, faida ya wifi ilikuwa 120,000. Ya kwake 145,600. Tofauti ya mwaka ule ikaruka hadi 25,600. Hapo alianza kuhisi kuna kitu, ila akadhani labda amenunua hisa nyingi bila kukumbuka. Akahesabu mihuri kwenye kijitabu. Ni hisa mbili kila wiki, kama kawaida.

Mwaka wa nne ndio uliomfungua macho. Faida yake ilikuwa 214,720. Kwa mkono wake mwaka huo alikuwa ametoa 200,000. Kwa mara ya kwanza, pesa iliyokaa sandukuni ilileta zaidi ya yeye mwenyewe aliyekuwa akihangaika na soko kila wiki. "Kumbe sasa inachanga kuliko mimi," ndivyo alivyomwambia katibu.

Mwaka wa tano faida yake ikafika 297,664 na ya wifi 200,000. Ukijumlisha miaka yote mitano, kila mmoja alitoa milioni moja. Wifi amepata faida 600,000, mama wetu 785,984. Tofauti ni 185,984, na zaidi ya nusu yake imekuja mwaka wa tano peke yake.

Wifi hakukosea, lakini. Kila mwaka alikula faida yake na watoto walienda shule na sare. Alichagua pesa ya sasa.

Sasa, usikimbilie kuacha kila kitu sandukuni. Hesabu yetu imeshikilia asilimia 20 kila mwaka, na kikundi halisi hakiendi hivyo. Pesa inazaa pale tu inapokopwa. Wote mkibakisha, sanduku linajaa kuliko mahitaji ya wakopaji, pesa inalala, na hisa ya 2,000 inaishia 2,150 badala ya 2,400.

Halafu kuna mvua. Singida ina msimu mmoja tu. Mkulima anakopa kuelekea mwaka mpya kwa ajili ya shamba, alizeti anaivuna baada ya masika, wakati mikopo ya vikundi vingi ni ya miezi mitatu. Mvua ikikata mapema, marejesho hayaji.

Hapo ndipo panapozaliwa faida ya kwenye daftari. Mkopaji ameshindwa kulipa, katibu anaongeza riba kwenye deni na kulisogeza mbele, na deni lote linahesabiwa kama mali ya kikundi. Riba juu ya riba inafanya kazi huku pia, ila kwa kasi ya kutisha. Deni la 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, likisogezwa hivyo bila kulipwa, baada ya miezi sita ni 177,156. Baada ya mwaka linapita 313,000. Kwenye daftari kikundi kimetajirika. Kwenye sanduku hakuna kitu, na huyo mkopaji hana uwezo wa kulipa hata nusu.

Utajuaje? Siku ya hesabu, usiulize tu hisa imekuwa shilingi ngapi. Omba pesa taslimu ihesabiwe mbele ya wote, kisha mikopo iliyo nje isomwe kwa tarehe iliyotolewa. Mkopo wa miezi mitatu wenye miezi tisa haupaswi kuingia kwenye bei ya hisa. Uliza pia kama kikundi kimesajiliwa, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitaka vikundi hivi visajiliwe.

Mwaka wa sita mama wetu alibadilisha kidogo. Alichukua 300,000 akaezeka bati, akaacha zilizobaki. Wifi yake safari hii hakuchukua faida. Ila kabla ya kubakisha, alimwambia katibu asome kwanza majina ya wanaodaiwa, moja baada ya jingine.