Kabla Hujatuma Ombi: Jinsi ya Kukagua Wasifu Wako kwenye Ajira Portal

Vijana wengi wa Tanzania hujaza wasifu wao kwenye Ajira Portal mara moja tu, mara nyingi mwaka ule ule wanaomaliza chuo. Baada ya hapo kila tangazo la kazi linapotoka huingia, hubofya na kutuma. Wasifu unabaki vilevile huku maisha ya mwenyewe yakisonga mbele: amehama mkoa, amebadili laini ya simu, amepata usajili wa bodi, ameshafanya kazi mahali pawili. Majina ya walioitwa kwenye usaili yanapotoka na lake halimo, huamini kuwa kuna mkono wa mtu. Ninaomba kabla ya kufika huko tuukague kwanza ule wasifu wenyewe, maana anayechuja maombi katika Sekretarieti ya Ajira hakujui. Anachokiona ni kile ulichojaza na kile ulichoambatisha.

Ukaguzi wa maana hauanzi na wasifu, unaanza na tangazo. Lichapishe, au liandike kwa mkono kwenye daftari, kisha ligawe kipande kwa kipande: elimu gani, fani gani, usajili gani, uzoefu wa miaka mingapi, umri, viambatisho. Kwa kila kipande jiulize swali moja tu: kwenye wasifu wangu hili linaonekana wapi, na linathibitishwa na karatasi gani? Usipoweza kuweka kidole mahali penyewe, hapo pana pengo. Haijalishi kwamba wewe unajua unayo sifa hiyo.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate mpaka mwisho. Tuseme binti amemaliza shahada ya ununuzi na ugavi mwaka 2021, akajaza wasifu mwaka huohuo akiwa Dodoma. Kuanzia 2022 amekuwa mtunza stoo wa kampuni binafsi Mwanza. Sasa limetoka tangazo la Afisa Ugavi Daraja la II. Linataka shahada ya fani hiyo na usajili wa Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, yaani PSPTB, na kama kawaida ya matangazo haya, mwombaji awe raia wa Tanzania asiyezidi miaka 45.

Aanze na yaliyopitwa na wakati, kwa sababu ndiyo yanayoharibu ombi bila mwenyewe kujua. Kwenye elimu, alipojaza mwaka 2021 cheti cha shahada kilikuwa bado hakijatoka, akaambatisha matokeo ya muda. Matangazo ya Sekretarieti husema waziwazi kwamba matokeo ya muda na hati za matokeo hazikubaliki, kinachotakiwa ni cheti chenyewe. Cheti anacho siku nyingi, kiko kabatini nyumbani, lakini kwenye wasifu bado iko ile karatasi ya 2021. Kwa anayechuja, huyu ni mtu asiye na cheti. Hapohapo kwenye sehemu ya "Academic Qualifications" aangalie pia kozi yake ameiweka kundi gani. Kama alikosa kuiona kwenye orodha akachagua kundi la jumla la biashara, afungue tena atafute ununuzi na ugavi, kwani wasifu na cheti vinapaswa kusema kitu kimoja.

Usajili wa PSPTB haumo kabisa, maana aliupata baada ya kujaza. Huu ni mfano mzuri wa pengo ambalo macho hayalioni kwa kusoma wasifu peke yake. Wasifu unasomeka vizuri, hauna kosa, hauna doa. Ni pale tu tangazo linapowekwa pembeni ndipo unapogundua kwamba sharti la pili halina jibu.

Mawasiliano nayo yamechakaa. Barua pepe aliyoiandika ni ile aliyopewa chuoni, na anwani ya namna hiyo inaweza kufungwa mwanafunzi akishahitimu. Namba ya simu ni ya laini aliyoiacha. Makazi yanasema Dodoma ilhali anaishi Mwanza, na hili lina uzito wake: kwa kada zenye waombaji wengi, usaili umekuwa ukifanyika mikoani, kwa hiyo mkoa ulioandikwa unaweza kumpeleka mtu mbali na anakoishi. Hapo ajaribu mwenyewe. Ajitumie barua pepe aone kama inafika, na apige ile namba aone nani anapokea.

Kisha majina na tarehe. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ikianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Aiweke kando ya cheti cha kuzaliwa aone kama vinalingana. Halafu asome jina lake herufi kwa herufi kwenye NIDA, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha sita na cha chuo. Tofauti za kawaida ni jina la kati lililofupishwa kuwa herufi moja, jina la babu lililotumika shuleni na kuachwa chuoni, au "dh" iliyogeuzwa "z". Wapo waliozuiwa mlangoni siku ya usaili kwa sababu hiyo. Dawa ya tofauti ya majina ni hati ya kisheria ya kubadili au kuthibitisha jina, iandaliwe na wakili na isajiliwe, kisha iambatishwe. Haipatikani kwa siku moja, na ndiyo maana ukaguzi wa jioni ya mwisho hausaidii kitu hapa.

Sasa tuje kwenye uzoefu wa kazi, ambako ninaona waombaji wengi wanajinyima haki yao kwa maneno mapana. Binti wetu ameandika hivi: "Nilihusika na shughuli mbalimbali za manunuzi na kazi nyingine nilizopangiwa na mkuu wangu." Funika jina la kazi kwa kidole, usome sentensi hiyo tena. Inaweza kuwa ya meneja, inaweza kuwa ya mtumwa bidhaa, inaweza kuwa ya mtu aliyekaa stoo wiki mbili. Sentensi inayomfaa kila mtu haimthibitishi yeyote. Maneno ya kuyatilia shaka ni "kuhusika", "kushiriki", "kusaidia", "mbalimbali" na "nyinginezo". Si kwamba ni mabaya, bali mara nyingi yanasimama mahali ambapo kazi yenyewe ilipaswa kutajwa.

Ajiulize: asubuhi nikifika kazini nilishika nini? Majibu yatakuja yenyewe. Alipokea mzigo na kuulinganisha na LPO na hati ya mwuzaji kabla ya kusaini. Alijaza leja na kadi za bidhaa. Kila mwisho wa mwezi alihesabu mali iliyopo na kulinganisha na kilichomo kwenye vitabu, akaandika taarifa ya tofauti. Aliandaa maombi ya bei kwa wauzaji watatu na jedwali la kuwalinganisha. Hayo ndiyo ya kuandika, kwa sentensi fupi, pamoja na ukubwa wa kazi pale anapoujua kwa hakika: stoo ilikuwa na aina ngapi za bidhaa, aliwasimamia watu wangapi. Kama idadi haikumbuki, aache kuitaja. Kuna usaili mbele, na namba ya kubuni huulizwa maswali.

Tarehe za uzoefu zisomwe pamoja na tarehe za masomo. Binti huyu aliandika kuwa alikuwa "Afisa Ugavi" wa hospitali kuanzia Julai hadi Septemba 2020, wakati shahada yake ilikuwa inaendelea. Ukweli ni kwamba alikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, yaani fildi. Aiandike hivyo. Fildi ya hospitali ni uzoefu wa heshima kwa mtu wa ugavi, lakini ikivikwa cheo cha ajira inazua shaka juu ya kila kingine alichoandika. Na kazi ya Mwanza, kama bado yupo, isiachwe bila alama ya kuonyesha kwamba inaendelea.

Fani nayo huchakaa, na hapa ndipo anayejua kazi humtambua mwenzake haraka. Wasifu wake unataja umahiri wa TANePS na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011. Tangu 2023 ununuzi wa umma Tanzania umehamia mfumo wa NeST, na mwaka huohuo ikatungwa sheria mpya. Akiacha vile vya zamani peke yake, anatangaza kwamba fani ilimwacha alipotoka chuoni. Asiandike kwamba anaijua NeST kama hajawahi kuigusa. Akiwa amehudhuria mafunzo yake, ayaweke kwenye sehemu ya mafunzo na aambatishe cheti. Kama hajahudhuria, basi amegundua kitu cha kusoma kabla ya usaili.

Sehemu ya "Computer Literacy" na ile ya lugha hazihitaji muda mrefu. Aliyejipa alama ya juu kabisa kila mstari arudi kwenye kila kimoja ajiulize kama anaweza kukifanya mbele ya mtu leo. Kwa mtu wa stoo, kuweza kutengeneza jedwali la hesabu lenye fomula ni jambo la kuonyesha. Kutaja programu kumi alizoziona mara moja hakuongezi kitu.

Wadhamini ni watatu, na husahaulika kuliko sehemu zote. Mmoja alikuwa mhadhiri aliyehamia chuo kingine, mwingine amestaafu, wa tatu ni mjomba. Ndugu hamthibitishi mtu kazini, kwa hiyo nafasi ya mjomba apewe msimamizi wa stoo ya Mwanza. Wale wengine wapigiwe: "Shikamoo mwalimu, mimi ni mwanafunzi wako wa ugavi, niliyemaliza 2021. Ninaomba nafasi ya Afisa Ugavi, naomba ruhusa ya kuendelea kukutaja kama mdhamini wangu." Simu hiyo moja inakagua mambo matatu kwa pamoja: kama namba inafanya kazi, kama anakukumbuka, na cheo chake cha sasa ni kipi.

Viambatisho afungue kimoja kimoja kwenye simu, kama atakavyoviona mtu asiyekuwa na karatasi halisi mkononi. Muhuri wa wakili unasomeka? Cheti hakikukatwa pembeni? Faili lililoitwa cheti cha kuzaliwa ndilo kweli, au ni cheti cha kidato cha nne kilichopandishwa mara mbili? Barua ya maombi ndiyo hukosewa zaidi, kwa sababu hutumika tena kutoka ombi lililopita: cheo cha zamani, tarehe ya zamani, na pengine bila sahihi. Aliyesoma nje ya nchi ahakikishe ana uthibitisho wa mamlaka inayohusika, yaani TCU kwa shahada, NECTA kwa sekondari, au NACTVET kwa vyuo vya kati.

Zipo nafasi ambazo ukaguzi wote huu utamwambia mtu asiombe. Kama binti wetu asingekuwa na usajili wa PSPTB, hakuna sentensi ingeliziba pengo hilo, na taarifa ya kughushi inampeleka mtu kwenye sheria. Siku hizo azitumie kufuatilia usajili wenyewe. Kwa aliye na sifa, kazi yote niliyoieleza hapa ni ya jioni moja au mbili, isipokuwa muhuri wa wakili, hati ya jina na simu za wadhamini, ambavyo hutegemea watu wengine. Hivyo ndivyo vya kuanza navyo siku tangazo linapotoka, au kabla halijatoka.